Mbwa wa mtoto naye anakwenda kwa bibi: Safari ya Dar, Morogoro na Mgeta inavyoandaliwa

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, safari ambayo kwa basi ilikula nusu siku imekuwa ya chini ya saa mbili. Familia zilizokuwa zikienda milimani mara moja kwa mwaka sasa zinakwenda hata kila likizo. Na watoto wameanza kuuliza swali ambalo zamani halikuwepo: je, Simba, au Popi, au yule paka wa jikoni, naye anakwenda?

Jibu la wazazi wengi hutolewa siku ya kuondoka, wakati mabegi yapo mlangoni na mtoto analia. Hapo limeshachelewa. Kwa mnyama, hasa mbwa mdogo, safari huamuliwa takriban mwezi mzima kabla, na huamuliwa kwa daktari wa mifugo kabla ya kufika dirisha la tiketi.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Mbagala, baba, mama na watoto wawili, inayopanga kwenda kwa bibi Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru, tarehe 7 Desemba. Wana mbwa wa kienyeji aliyezaliwa tarehe 5 Agosti. Watoto wamempa jina, wanampa maziwa, na hawataki kusikia habari ya kumwacha.

Hesabu ya chanjo

Jambo la kwanza ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa karibu visa vyote vya ugonjwa huu kwa binadamu, asilimia 99, vinatokana na mbwa, na kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana kumchukua mbwa asiyechanjwa na kumfungia kwenye chombo kimoja na watoto na abiria wengine, kisha kumpeleka kijijini kwenye mbwa wasiojulikana, ni jambo zito kuliko linavyoonekana.

Mbwa huchomwa chanjo ya kwanza ya kichaa akiwa na miezi mitatu, na hurudiwa baada ya mwaka. Lakini chanjo haifanyi kazi siku hiyohiyo. Mwili unahitaji wiki tatu hadi nne kutengeneza kinga ya kutosha. Kwa mbwa wa Mbagala, miezi mitatu inatimia tarehe 5 Novemba. Akichomwa siku hiyo, wiki nne zinaisha tarehe 3 Desemba, na safari ya tarehe 7 inawezekana.

Sasa tuseme familia imekumbuka tarehe 2 Desemba. Daktari atamchoma, ataandika kwenye kadi, na kadi itaonekana safi kabisa. Lakini tarehe 7 mbwa huyo bado hana kinga ya kutegemewa. Kadi imepatikana, kinga bado. Hapo uamuzi sahihi ni kumwacha kwa jirani anayemjua, hata kama mtoto atanuna hadi Morogoro.

Kwa paka hesabu ni hiyohiyo. Wazazi wengi husahau kuwa paka naye huambukizwa kichaa na huuma, tena meno yake membamba huacha tundu dogo ambalo mtu huliona si kitu.

Siku ya chanjo ndiyo pia siku ya kuuliza karatasi. Chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, usafirishaji wa wanyama kutoka eneo moja hadi jingine unasimamiwa na madaktari wa mifugo wa Serikali, ambao hutoa kibali. Anayeanza kuulizwa ni ofisa mifugo wa kata au wa halmashauri: kwa mnyama huyu, kutoka hapa kwenda Mvomero, kinatakiwa nini, kinalipiwa shilingi ngapi na kinadumu siku ngapi? Malipo ya Serikali hufanywa kwa kontroo namba. Anayetaka fedha mkononi bila risiti aombwe kontroo namba kwanza. Kadi ya chanjo na kibali vipigwe picha kwenye simu, lakini karatasi zenyewe zibebwe.

Swali kwa stesheni, kabla ya tiketi

Mtu aliyekulia kwenye mabasi ya Morogoro amezoea kuku wa mkono kwenye tenga na mbuzi juu ya keria. Treni ya umeme ni kitu kingine. Ni chombo kilichofungwa, chenye kiyoyozi, ambamo harufu na manyoya vinabaki na abiria mpaka mwisho wa safari. Kwa hiyo mzazi asidhani, wala asitegemee kwamba fulani alipita na paka wake wiki iliyopita. Stesheni ya kuondokea iulizwe kabla ya kulipia, na jina la aliyejibu liandikwe.

Nauli ya mtu mzima ya daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilitangazwa na LATRA kuwa shilingi 13,000 huduma ilipoanza, na mtoto wa kuanzia miaka minne hadi 12 analipa nusu. Kwa familia hii ya wanne, ikiwa watoto wote wako kwenye umri huo, ni shilingi 39,000 kwenda tu. Si fedha ya kupoteza getini kwa sababu ya mbwa.

Anayeuliza asiseme tu “nina mbwa.” Aseme mnyama ni wa aina gani, ana kilo ngapi, yumo kwenye kizimba chenye urefu gani, na ana kadi ya chanjo. Mhudumu akipewa vipimo hujibu kwa vipimo. Ukisema “mbwa” yeye anawaza mbwa wa mlinzi.

Wenzetu wenye reli za zamani wameshayapitia maswali haya, na majibu yao yanasaidia kujua la kuuliza. Uingereza abiria anaruhusiwa wanyama wawili bila malipo, mradi wasikalie kiti. Ujerumani paka au mbwa mdogo aliyemo kwenye kizimba hulipiwi, lakini mbwa mkubwa hukatiwa tiketi, hufungwa kamba na kuvishwa kifunga mdomo. Marekani, treni za Amtrak hupokea mnyama asiyezidi kilo tisa hivi, uzito wa kizimba ukiwemo, kwa safari isiyozidi saa saba, na humtoza nauli yake. Italia huenda mbali zaidi: treni zao za kasi zina eneo la ukimya, ambako hata simu haipokelewi, na mbwa haruhusiwi kukaa humo.

Treni yetu imegawanywa kwa madaraja, si kwa ukimya. Lakini kuna watu ambao kwao mnyama ni zaidi ya kelele. Abiria Mwislamu anaweza kujiepusha na mate ya mbwa kwa sababu ya udhu wake, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua kwa vumbi la manyoya ya paka. Kabla ya kuweka kizimba miguuni, jirani wa kiti aulizwe. “Samahani kaka, tuna mbwa mdogo humu ndani, kuna tatizo?” Akisema lipo, mhudumu aombwe kubadilisha viti mapema, kabla behewa halijajaa. Kwa kawaida anayeulizwa kwa adabu hakasiriki. Anayekasirika ni yule anayeshtukia kitu kinamgusa kisigino baada ya Pugu.

Kizimba cha kununua, au cha fundi

Vizimba vya plastiki vya dukani ni vizuri, lakini si lazima. Fundi seremala anaweza kutengeneza cha mbao chenye wavu, na tenga imara lenye mfuniko humtosha paka. Boksi la karatasi halifai, kwani mnyama akikojoa mara moja tu, sehemu ya chini inalowa na kuachia.

Kipimo ndicho kinachokosewa. Mnyama lazima aweze kusimama, kugeuka na kujilaza. Mashirika ya ndege hutumia kanuni rahisi inayofaa hata kwa treni. Pima kutoka puani hadi shina la mkia, halafu ongeza nusu ya urefu wa mguu wa mbele kutoka kiwiko hadi chini: huo ndio urefu wa kizimba. Upana ni mapana ya mabega mara mbili. Kimo ni kuanzia chini hadi juu ya kichwa, au masikio kama yamesimama, mnyama akiwa wima.

Mbwa wetu wa Mbagala akiwa na miezi minne ana sentimita 50 kutoka puani hadi shina la mkia, na sentimita 20 kutoka kiwiko hadi chini. Kizimba chake kiwe na urefu wa sentimita 60. Mabega yake yana sentimita 15, hivyo upana ni 30. Akisimama anafika sentimita 42. Kizimba cha 60 kwa 30 kwa 42 si cha kupakata, na ndiyo sababu stesheni inapaswa kutajiwa namba hizo. Apimwe wiki ya safari, maana mbwa wa umri huo hukua haraka na kizimba cha Oktoba kinaweza kumbana Desemba.

Chini yawekwe magazeti mengi na kitambaa chenye harufu ya nyumbani. Kanga nyepesi ifunikwe juu ili asione watu wengi, lakini pande mbili ziachwe wazi kwa hewa.

Kizimba kisionekane kwake kwa mara ya kwanza siku ya safari. Kwa wiki mbili kabla, kikae wazi sebuleni na chakula chake kiwekwe humo. Mlango ufungwe kwa dakika chache, kesho yake zaidi kidogo. Mnyama aliyezoea huingia mwenyewe na kulala. Asiyezoea hulia na kukwaruza, na mtoto anayemwonea huruma huingiza vidole kumbembeleza. Watoto wengi huumwa na mnyama wao wenyewe, si wa kuokota, kwa sababu mnyama mwenye hofu hatofautishi kidole cha rafiki.

Chakula cha mwisho kiwe kidogo, kama saa nne kabla ya kuondoka, na maji apewe kidogokidogo. Mbwa wadogo hutapika garini kuliko wakubwa. Dalili zinaanza mapema: udenda, kupiga miayo mara kwa mara, kulamba midomo.

Hapa kuna kosa linalofanywa kwa nia njema. Mzazi humpa mnyama dawa ya nyumbani ili alale, Piritoni au Panado. Panado, yaani parasetamo, ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja kinaweza kumuua kwa kuharibu damu yake isibebe hewa. Na dawa yoyote ya kulevya humpunguzia mnyama uwezo wa kujipoza kwenye joto na wa kushika mwili wake gari likiyumba. Kama kweli anahitaji dawa, iandikwe na daktari aliyempima na kujua uzito wake.

Mahali panapoharibika

Ndani ya treni kwa kawaida ndiko kwenye utulivu. Mambo huharibika pale mnyama anapohamishwa.

Pa kwanza ni ukaguzi wa stesheni. Mizigo hupita kwenye mashine, na mnyama hapaswi kupita humo. Ina maana kizimba kitafunguliwa katikati ya umati, huku spika ikitangaza. Paka aliyetoroka hapo si rahisi kumpata tena. Mnyama avalishwe mkanda wa kifuani tangu nyumbani, kamba ikiwa imefungwa, na mtu mzima mmoja asiwe na kazi nyingine yoyote getini ila kushika kamba hiyo. Mwingine ashike tiketi na watoto.

Mbwa mdogo ambaye hajamaliza chanjo zake nyingine asishushwe ardhini stesheni wala Msamvu. Virusi vya parvo, vinavyoleta kuharisha damu na kuua watoto wa mbwa kwa siku chache, hukaa kwenye udongo kwa miezi.

Pa pili ni Morogoro yenyewe, kati ya kushuka treni na kupata gari la Mgeta. Desemba jua ni kali, na mbwa hatoi jasho kama mtu, hujipoza kwa kuhema. Akiwekwa kwenye buti la gari, au kizimba kikiachwa juani wakati watu wanakula chipsi, anaweza kuzidiwa ndani ya dakika chache. Dalili ni kuhema kupita kiasi, mate mazito, fizi nyekundu sana, kisha kuyumba na kutapika. Apelekwe kivulini haraka, alowanishwe maji ya kawaida tumboni na miguuni, apepewe, halafu daktari atafutwe hata kama anaonekana amerudi sawa. Asimwagiwe maji ya barafu na asilazimishwe kunywa. Morogoro ina bahati kwa hili: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina ndaki ya tiba ya mifugo na hospitali yake ya wanyama.

Pa tatu ni njia ya kupanda mlimani. Barabara inaachana na ile ya Iringa pale Sangasanga na kuanza kuzunguka miteremko, na wakati wa mvua hukamata matope. Magari yanayoshuka na kabichi na karoti hupanda na abiria, na hapo hakuna tiketi ya mnyama, kuna maelewano na konda. Bei ielewanwe kabla ya kupakia, pamoja na mahali atakapokaa. Kizimba kikae sakafuni ndani, miguuni pa mtu mzima. Kwenye keria kinarushwa kila kona, na mvua ikinyesha mbwa mdogo analowa na kupoa.

Huko juu baridi ni tatizo la kinyume. Mnyama aliyetoka joto la Mbagala asubuhi, usiku yuko Nyandira anatetemeka. Blanketi kuukuu libebwe.

Kitu kimoja zaidi, nacho ni cha simu tu. Mama wa familia yetu apige kwa bibi wiki mbili kabla.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mnakuja?”

“Tunakuja, lakini watoto wanataka kuja na mbwa.”

“Huyo atalala wapi? Hapa mbwa ni wa nje, na wa jirani ni wakali.”

Swali la bibi ni la maana kuliko la stesheni. Mbwa wa mjini akiachiwa uani usiku wa kwanza atapigana, na hakuna anayejua mbwa wa jirani wamechanjwa lini. Kama hakuna chumba, banda au jiko la nje linalofungwa, basi jibu limepatikana, na ni hapana.

Akiuma mtu njiani

Iwe ni mbwa wa familia, au mbwa wa kijiji aliyemrukia mtoto, hatua ya kwanza ni ileile: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Zihesabiwe kwa saa. Ni nyingi kuliko mtu anavyofikiri, na mtoto atalia, lakini kuosha huku hupunguza sana virusi. Pasipakwe majivu, mafuta ya breki wala pilipili.

Halafu mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Milimani ni vyema kupiga simu kwanza kuuliza kama chanjo ipo, kwani huenda safari ikabidi iwe ya moja kwa moja hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Morogoro mjini. Chanjo hutolewa kwa awamu, ya kwanza siku ya kufika, kisha siku ya tatu na ya saba, na kwa utaratibu mwingine huongezwa siku ya 14. Jeraha lililochimba, au lililo kichwani na usoni, huhitaji pia dawa ya kinga inayochomwa kwenye jeraha lenyewe. Awamu zisikatishwe kwa sababu likizo imeisha. Kadi ya mtoto ikionyeshwa Dar es Salaam, anaendelea pale alipoishia.

Mnyama aliyeuma asiuawe kama anaweza kufungwa salama. Mbwa au paka anayeonekana mzima afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, huku mtoto akiendelea na chanjo. Akibaki mzima hadi siku ya 10, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Akibadilika tabia, akishindwa kumeza, akidondosha mate au kupooza taya, ofisa mifugo aitwe mara moja na asiguswe.

Hii ina maana moja kwa familia ya Mbagala. Mbwa wao akimuuma mtoto wa jirani wa bibi tarehe 20 Desemba, siku 10 zinaisha tarehe 30. Kama tiketi za kurudi ni za tarehe 27, mbwa anabaki Mgeta, amefungwa, na mtu mzima mmoja anabaki naye.